Mbwa wa mpangaji na mbwa wa mwenye fensi

Anayetaka kufuga mbwa kwa mara ya kwanza mjini Sumbawanga hupewa ushauri uliotengenezewa miji mingine: ukikaa ghorofani chukua mbwa mdogo, ukiwa na uwanja chukua mkubwa. Huenda ushauri huo unafaa Dar es Salaam au Nairobi, ambako mbwa hushushwa kwa lifti kwenda kujisaidia. Huku Ufipa makazi madogo ya mjini ni chumba na sebule, kule Izia, Majengo au Katandala: milango kadhaa inayotazamana, bomba moja, choo cha nje, na uwanja ambao asubuhi umejaa ndoo, mchana umeanikwa mahindi kwenye turubai na jioni ni wa watoto. Mbwa akiingia hapo, wapangaji wote wamempata.

Tuseme kuna muuguzi aliyeajiriwa karibuni, amepanga Izia, na anafanya kazi kwa zamu. Rafiki yake wa Mbeya amempa nafasi ya kuchagua kati ya vitoto viwili. Mmoja ni wa wale weupe wenye manyoya mengi, spitzi wa Kijapani, ambaye akikua atakuwa na kilo saba hivi. Mwingine ni chotara wa jamani shepadi, miguu minene, masikio bado yamelala, na akikua atafika kilo thelathini. Kaka yake muuguzi amejenga Pito, pembeni ya mji, ana fensi ya matofali, na yeye naye anataka mbwa. Inaonekana jibu limeshapatikana: mdogo kwa dada, mkubwa kwa kaka. Kwa dada, jibu hilo lina kasoro moja. Kwa kaka, lina kasoro kubwa zaidi.

Tuanze na dada. Kabla ya kumtazama mbwa yeyote, inabidi aende kwa mama mwenye nyumba, na aende mwenyewe, asitume ujumbe wa simu. Mama atamsikiliza, kisha atauliza mambo ambayo vitabu vya mbwa haviyaulizi. Atalala wapi, mwanangu? Atajisaidia wapi? Ukiwa zamu ya usiku nani atamnyamazisha? Na yule baba wa chumba cha mwisho, anayetawadhia hapo bombani kila alfajiri, umeshaongea naye? Hilo la mwisho ni zito kuliko linavyosikika. Kwa jirani Mwislamu mate ya mbwa ni najisi, na mbwa akilamba ndoo yake amempa kazi ya kuitakasa kabla hajaitumia tena. Mpangaji mwenye busara humuahidi mapema kwamba mbwa hatasogea bombani, halafu anaitimiza ahadi hiyo kwa kumfunga kamba kila anapotoka naye mlangoni.

Baada ya ruhusa ndipo linakuja suala la ukuta. Nyumba nyingi za kupanga zina ukuta wa tofali moja, na dari ikiwepo huwa imeungana juu kutoka chumba hadi chumba. Sauti haizuiliki. Hapo ndipo spitzi anapoingia dosari. Kwa hali ya hewa ya Ufipa hana mpinzani miongoni mwa mbwa wadogo: mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, Juni na Julai upepo unakata mifupa, na manyoya yake ya tabaka mbili yanamtosha. Mbwa wadogo wa manyoya mafupi, kama chiwawa, hupoteza joto haraka kwa sababu mwili wao ni mdogo ukilinganisha na eneo la ngozi yao. Huku wangeishi wakitetemeka miezi mitatu. Lakini spitzi ni mbwa wa kutoa taarifa. Mlango ukilia anabweka, kuku akipita anabweka, mpangaji wa pili akirudi saa sita usiku anabweka, na sauti yake ni ya juu na kali. Jamani shepadi mtu mzima aliyechoka kwa mazoezi anaweza kulala mchana kutwa bila kusikika. Udogo wa mwili haumaanishi udogo wa kelele, wala ukubwa haumaanishi fujo.

Inavyoonekana kwangu, watu huchanganya vitu viwili: ukubwa wa mbwa na kiasi cha kazi aliyozaliwa kuifanya. Raseli, mbwa mdogo wa Kiingereza aliyezalishwa ili aingie mashimoni kufukuza mbweha, ana kilo sita au saba tu, lakini asipokimbizwa kila siku atachimba sakafu ya udongo na kutafuna miguu ya kochi. Kinyume chake kuna mbwa wakubwa mno ambao wakishatembea kidogo asubuhi hutafuta kivuli. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayekuuzia mbwa lisiwe ana kilo ngapi. Muulize wazazi wake wanafanya nini kutwa nzima, kisha uombe kumwona mama yake akiwa kwenye shughuli zake za kawaida. Mama anayebweka mfululizo kwa kila anayepita ana uwezekano mkubwa wa kuwafundisha wanawe hivyo hivyo kabla hujawachukua.

Swali la pili ni saa. Kitoto cha mbwa cha miezi miwili hakiwezi kubana haja zaidi ya saa mbili au tatu. Kadirio linalotumiwa na wafugaji ni umri wa miezi pamoja na saa moja, na hata mbwa mzima hapaswi kubanwa zaidi ya saa nane hivi. Muuguzi anayeondoka saa moja asubuhi na kurudi saa tisa alasiri, mbali na zile zamu za usiku, hana namna ya kulea kitoto peke yake. Atarudi akute sakafu imelowa, mbwa amelia hadi sauti imekauka, na mama mwenye nyumba amekaa kwenye kigoda akimsubiri. Ubaya ni kwamba huo ndio muda wa thamani kubwa katika maisha ya mbwa. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi, kitoto hujifunza nini ni cha kawaida duniani: bodaboda, mvua juu ya bati, mtoto anayekimbia, mtu mwenye mwavuli, kengele za kanisa. Kinachopitisha muda huo kikiwa kimefungiwa chumbani huelekea kuwa mbwa anayeogopa, na mbwa anayeogopa ndiye anayeng'ata.

Hapa ndipo ushauri wangu kwa dada unaachana na ule uliozoeleka. Asimchukue yeyote kati ya vile vitoto viwili. Atafute mbwa mdogo ambaye tayari ni mtu mzima, wa mwaka mmoja hadi mitatu, na chotara wa mbwa mdogo na mbwa wa kienyeji anatosha kabisa. Kwa mbwa wa umri huo hakuna kubahatisha: unamwona ana ukubwa gani, anabweka kiasi gani, anawachukuliaje watoto na kuku. Wapo wanaohamishwa kikazi wakashindwa kusafiri na mbwa wao, na wengi wangefurahi kumkabidhi kwa mtu badala ya kumwachia mtaa. Akimpata, amwombe mwenyewe amwazime kwa siku chache, zikiwemo za zamu ya usiku, kabla ya kusema ndiyo. Majirani watatoa jibu lao wenyewe.

Sasa kaka, mwenye fensi Pito. Mbwa mkubwa wa mjini Sumbawanga hununuliwa kwa sababu moja: wezi. Na karibu kila anayemnunua kwa sababu hiyo amesikia mbinu ile ile, kwamba mbwa afungiwe bandani mchana kutwa asione watu, kisha afunguliwe usiku, ndipo awe mkali. Nimeyaona mabanda hayo. Mengi ni ya mbao na bati, mtu mzima hawezi kuinama ndani yake, na mlangoni mbao zimetafunwa hadi zimekuwa nyembamba. Mbwa wa hapo hazunguki kukagua uwanja. Anazunguka palepale, duara lile lile, na udongo umeshika alama ya duara hilo.

Jamani shepadi alizalishwa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19 kutokana na mbwa wa kuchungia kondoo, wanaotembea na kundi kutwa nzima wakisikiliza sauti ya mchungaji. Ukimweka kwenye boksi, ile nguvu na ile akili hazipotei. Hugeuka kuwa kuzunguka duara, kujitafuna mkia, kubweka bila kukoma, na mwishowe kurukia chochote kinachopita mbele ya wavu. Usiku akifunguliwa hawezi kumtofautisha mwizi na shemeji aliyechelewa basi la Mpanda. Mbwa anayelinda vizuri ni yule anayewajua watu wa nyumbani na nyendo za kila siku, kwa hiyo anatambua kilicho kigeni. Ujuzi huo haupatikani gizani bandani. Hupatikana kwa kukaa na watu mchana.

Kwa hiyo kaka akitaka mbwa mkubwa, bei yake halisi ni saa moja hadi mbili za mazoezi kila siku, kwa miaka kumi hivi. Pito panafaa: barabara za udongo ni pana, na alfajiri magari ni machache. Amtembeze kwa kamba, kwa sababu njiani kuna kondoo na mbuzi wa watu, na mbwa wa shepadi asiyefundishwa huanza kuwakusanya, kisha mchezo unageuka kuwa hasara ya kulipa. Kitoto kisikimbizwe masafa marefu wala kusindikizwa na baiskeli hadi kifikishe mwaka mmoja na zaidi. Ncha za mifupa yake bado hazijafunga, na kulazimishwa kukimbia huleta matatizo ya viungo yanayokuja kuonekana baadaye. Na asimpeleke kwenye msitu wa Mbizi, hata kama vilima hivyo vinaonekana vimekaa kwa ajili hiyo. Ni hifadhi yenye mbega wekundu wanaoishi maeneo machache tu duniani. Mbwa ndani ya hifadhi huchukuliwa kuwa wa mwindaji, na magonjwa ya mbwa wa nyumbani yamewahi kuleta maafa kwa wanyamapori. Mwaka 1994 virusi vya homa ya mbwa, vinavyodhaniwa kutoka kwa mbwa wa vijijini, viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Kama kaka hana hizo saa, mbwa wa kienyeji wa kilo kumi na tano atamfaa kuliko shepadi. Wasomaji wengine watanuna hapa, maana mbwa wa kienyeji hajengi heshima mtaani. Lakini ana masikio mazuri, hali chakula kingi, kupe na baridi ameshazoeana navyo, na hubweka pale tu penye jambo. Kasoro yake ni kwamba amezaliwa katika utamaduni wa kuzurura. Fensi ikiwa na tundu atalipata, na jike akiwa kwenye joto madume ya kata nzima yatakuja kulala mlangoni. Kumhasi dume na kumfunga kizazi jike kwa daktari wa mifugo kunapunguza mengi ya hayo, ingawa uzururaji uliokwisha kuwa mazoea hautakoma wote.

Tuje kwenye chungu, kwa sababu hapa Ufipa mbwa hulishwa mahindi. Nishati anayohitaji mbwa haiongezeki sawasawa na uzito wake; kadiri anavyokuwa mkubwa, kila kilo inahitaji nishati pungufu kuliko kilo ya mbwa mdogo. Mbwa mtulivu wa kilo saba anahitaji kilokalori 480 hivi kwa siku, na wa kilo thelathini takriban 1,430. Uzito umezidi mara nne, chakula mara tatu tu. Tukisema sehemu kubwa kidogo ya nishati hiyo inatoka kwenye dona na iliyobaki kwenye dagaa wakavu, mdogo atamaliza karibu kilo thelathini za unga kwa mwaka, yaani debe moja na nusu. Mkubwa atakula gunia moja la kilo mia ambalo halijajaa. Wa kienyeji yuko katikati, nusu gunia.

Kwa mkoa unaolima mahindi kama Rukwa, gunia moja halitishi. Kinachotisha ni dagaa. Mbwa mkubwa kwa hesabu hiyo hiyo anahitaji kilo tano na zaidi za dagaa wakavu kwa mwezi. Mdogo hazifiki mbili. Ni hapa ambapo wafugaji wapya hukata: mwezi wa kwanza dagaa wa kutosha, mwezi wa tatu kiganja kimoja, mwezi wa sita ugali mtupu na maji ya mboga. Mbwa mkubwa anayelelewa kwa ugali mtupu hukua na miguu iliyopinda, manyoya makavu yaliyokwajuka, na njaa isiyoisha inayomfanya aibe. Dagaa wazima, wanaoliwa na mifupa yao, humpa kitoto chokaa anayoihitaji, kwa hiyo hakuna haja ya kununua unga wa mifupa juu yake. Waliotiwa chumvi waoshwe na kulowekwa kwanza, kisha wapikwe pamoja na dona. Vitunguu visiingie kwenye sufuria hiyo, kwa maana huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo isitolewe, kwa sababu hupasuka kwa ncha kali.

Kuna jambo moja la chungu ambalo hapa kwetu linaua mbwa na watu wakadhani wametegewa sumu. Wakati wa kuchambua mahindi, yale yenye ukungu, yaliyobadilika rangi na kuoza upande mmoja, huwekwa kando. Binadamu hayali. Pumba za kukoboa nazo huwekwa kando. Halafu vyote viwili vinapikiwa mbwa. Sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini cha punje, kwa hiyo mtu anapokoboa mahindi yenye ukungu ili apate sembe safi, sehemu kubwa ya sumu inabaki kwenye pumba. Kupika hakuiondoi, inastahimili moto wa jikoni. Sumu hii imeshaua watu pia, kama ilivyotokea Dodoma na Manyara mwaka 2016. Na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo haraka. Kuku wa uwanja huo huo wanaweza kudonoa mahindi yale yale wakaonekana wazima, na mbwa akafa.

Dalili zake zinafahamika ukizijua. Mbwa anakataa chakula alichokuwa akikigombania jana. Anatapika, analala, anakunywa maji mengi. Mfunue mdomo uangalie fizi, na umvute kope la chini uangalie weupe wa jicho: ukiona umanjano, ini limeathirika. Choo kinaweza kuwa cheusi kama lami au chenye damu. Kufikia hapo hata daktari wa mifugo ana machache ya kufanya, kwa hiyo kazi yote iko kwenye kuchambua. Mahindi ya mbwa yawe yale yale ya watu, yamekaushwa vizuri kabla ya kuingia ghalani, na mabovu yatupwe au yafukiwe. Mwenye mbwa wa kilo saba anaweza kuchambua debe moja na nusu kwa mkono katika jioni chache. Mwenye mbwa wa kilo thelathini atashawishika kila wiki kuacha punje chache zipite.

Chanjo ni kazi ile ile kwa mdogo na mkubwa, na gharama yake haitofautiani sana. Kitoto kiachishwe kwa mama kikiwa na wiki nane au zaidi. Chanjo mchanganyiko ya homa ya mbwa na pavo huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi kufikia wiki kumi na sita. Dawa ya minyoo ni kila wiki mbili hadi miezi mitatu, hasa kwenye nyumba yenye watoto wanaochezea udongo. Kabla hujaagiza kitoto kutoka Mbeya, ulizia kwanza kama chanjo hiyo mchanganyiko inapatikana Sumbawanga na inahifadhiwa kwenye friji, na ulizia kibali cha kusafirisha. Pavo hupenda vitoto vilivyosafiri: kimekaa kwenye boksi chini ya kiti cha basi kupitia Tunduma, hakijanywa maji, kinga haijakamilika, na siku chache baadaye kinaharisha damu yenye harufu ambayo ukishaikuta mara moja hutaisahau.

Kichaa cha mbwa ni suala jingine, kwa kuwa hapo si mbwa peke yake anayekufa. Watafiti wamekadiria kwamba Tanzania hupoteza watu takriban 1,500 kwa mwaka kwa ugonjwa huo, na karibu wote wameng'atwa na mbwa. Kitoto huchanjwa kikifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kampeni za chanjo mara nyingi huwekwa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na anayepeleka mbwa wake huko awe na kamba imara, maana mbwa wasiojuana hukusanyika kwenye foleni moja. Mbwa wako aliyechanjwa akimng'ata jirani, usimuue wala usimfiche. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mbwa afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na virusi hivyo mateni alipong'ata. Mbwa aliyeuawa na kuzikwa kwa hasira huondoka na jibu hilo.

Kaka bado ana suala moja zaidi, la kijiografia. Uwandani juu, Sumbawanga na vijiji vyake, mbung'o si tatizo la kila siku. Lakini watu wa hapa husafiri: wanashuka bonde la ziwa Rukwa, wanakwenda Mpanda na maeneo ya karibu na Katavi, na wengine hupanda na mbwa nyuma ya pikapu kwa fahari. Mbwa wa kigeni akiumwa na mbung'o wenye nagana hana kinga ya kuzaliwa nayo. Wiki chache baada ya kurudi utaona homa inayokuja na kuondoka, fizi nyeupe, mwili unakonda wakati anakula, na macho yanafunikwa na utando wa rangi ya maziwa yenye ubuluu. Watu humpeleka akiwa ameshakuwa kipofu wakidhani ni umri au ametupiwa mchanga. Akionekana na utando huo, mwambie daktari wa mifugo waziwazi kwamba mbwa alishuka bondeni, apime damu. Matibabu yapo yakiwahiwa.

Mbwa mdogo wa muuguzi ana shida zake pia, ila ni za karibu na zinatibika nyumbani. Kiangazi kikikolea, vumbi la uwanjani hubeba funza, na mbwa wa miguu mifupi anayelala chini huwapata kati ya vidole. Kila jioni amgeuze tumbo juu, amchungulie nyayo na ndani ya masikio, atoe kupe kwa kibano akimshika karibu na ngozi bila kumkamua. Ni dakika tano. Mbwa wa kilo saba anashikika pajani; shepadi wa kilo thelathini anayechukia kushikwa miguu huhitaji watu wawili, na kwa sababu hiyo mara nyingi haangaliwi kabisa.

Muuguzi akishaelewana na mama mwenye nyumba, na baba wa chumba cha mwisho, na akishampata mbwa wa kuazima, aende kumchukua siku ya kwanza ya mapumziko yake, asubuhi. Amkute akiwa hajalishwa, aone anavyokula. Ajaribu kumfunua mdomo: fizi ziwe za pinki, na akibonyeza kwa kidole weupe urudi kuwa pinki ndani ya sekunde mbili. Apige makofi nyuma yake. Mbwa anayeshtuka kisha akageuka kuja kunusa ni wa kuchukua; anayejikunja na kukataa kutoka chini ya meza amwache kwa mwenye uzoefu. Aombe kadi ya chanjo, aangalie tarehe ya chanjo ya kichaa, na kama imepita mwaka ampitishe kwa daktari wa mifugo kabla hajafika naye Izia.